NAND 12 au NAND 4? Jinsi viputo vinavyosukumwa, na kwa nini NAND inajitosheleza

"Mtaalamu habari. Tulipewa F = (A·B + C')·D + E' tuichore kwa NAND za inputi mbili tu. Mimi nilichukua kila geti nikaweka NAND zake kama zilivyo kitabuni, nikapata NAND 12. Mwenzangu kaleta 4 tu, anasema 'nimesukuma viputo', na kapewa maksi zote. Sielewi zile 8 zimeenda wapi, au yangu ni makosa? Halafu hii kusema NAND ni yunivaso maana yake nini hasa, mbona AND na OR haziitwi hivyo wakati ndo tunazitumia kila siku?"

Nzuri ndugu yangu. Kwanza ondoa wasiwasi, saketi yako siyo makosa. Ukiijaribu kwa kila mchanganyiko wa A, B, C, D na E itatoa majibu yale yale ya mwenzako, mstari kwa mstari, yote 32. OR inachukua NAND 3, AND inachukua 2, NOT inachukua 1, na wewe una OR mbili, AND mbili na NOT mbili, kwa hiyo 3+3+2+2+1+1 ni 12, hesabu imekaa sawa. Ila ndani ya hizo 12 kuna mageti yanafanya kazi ya kubatilishana tu, moja linageuza na la mbele yake linarudisha palepale.

Hebu rudi kwenye mchoro wako uangalie waya mmoja tu, ule unaotoka kwenye AND ya A na B kuelekea OR. AND yako umeijenga kwa NAND ikifuatiwa na NOT. OR yako umeijenga kwa kuweka NOT kwenye kila inputi halafu NAND. Sasa ukiziunganisha, kwenye huo waya unapata hivi:

```
A,B -> NAND -> NOT -> NOT -> NAND (ile ya OR)
```

Hizo NOT mbili katikati zimefuatana, ya kwanza inageuza, ya pili inageuza tena, kinachofika mwisho ni kile kile kilichoondoka. Zitoe zote mbili, hakuna kitakachobadilika. Sasa endelea na waya mwingine unaoingia OR hiyo hiyo: C imepita NOT yake kuwa C', halafu inakutana na NOT ya mlango wa OR, jozi nyingine hiyo, itoe, C inaingia yenyewe. Nenda kwenye OR ya mwisho, waya unaotoka kwenye AND ya D una jozi, na waya wa E una jozi. Jozi nne, kila jozi mageti mawili, ndo 8 zako hizo. 12 toa 8 zinabaki 4, na ukiziangalia zilizobaki ni zile zile za mwenzako:

```
N1 = NAND(A, B)
N2 = NAND(N1, C)
N3 = NAND(N2, D)
F  = NAND(N3, E)
```

Kwa hiyo mwenzako hana saketi tofauti na yako, alichofanya ni kutozichora kabisa zile NOT ambazo wewe ulizichora. Kusukuma viputo ndo njia ya kuziona jozi kabla hujazichora, na hapo inabidi tuelewane kwanza kiputo ni kitu gani, maana wengi wanakikariri kama pambo.

Kiputo ni kile kiduara kidogo kwenye pua ya geti, au wakati mwingine kwenye mlango wake wa kuingilia. Kinasema kitu kimoja tu: hapa thamani inageuzwa, 1 inakuwa 0 na 0 inakuwa 1. Siyo lazima kiwe geti la peke yake lenye transista zake, kinaweza kuwa sehemu ya tabia ya geti lililobeba kiputo hicho. NAND ni umbo la AND, lile kama herufi D, likiwa na kiputo puani. Hadi hapo kila mtu anajua. Kinachosahaulika ni kwamba NAND hiyo hiyo ina sura ya pili.

Sema kwa maneno NAND inafanya nini. Inatoa 0 pale tu ambapo inputi zote ni 1. Sasa sema jambo hilo hilo ukianzia upande wa pili: inatoa 1 ikiwa inputi yoyote ni 0. Sikiliza hiyo sentensi ya pili, ina neno "yoyote", na "yoyote" ni lugha ya OR. Kwa hiyo geti lile lile ni OR inayosubiri 0 badala ya 1 milangoni, yaani umbo la OR lenye kiputo kwenye kila inputi na pua safi. Hiyo ndo sheria ya De Morgan:

```
(X·Y)' = X' + Y'
```

Vitabu vingi vinaileta kama fomula ya kukariri, lakini mimi naona ukishika zile sentensi mbili hutaisahau tena. Chipu haijui umeichora kwa sura ipi. Transista ni zile zile, pini ni zile zile, wewe ndo unachagua sura kulingana na unachotaka kusema pale kwenye mchoro: nataka kusema "zote ziwe 1", nachora D yenye kiputo puani, nataka kusema "yoyote ikiwa 0", nachora OR yenye viputo milangoni.

Sasa twende na F yako tangu mwanzo, tukisukuma. Unaanzia mwisho, kwenye autputi, unarudi nyuma kuelekea inputi. Usianzie mbele. Ukianzia kwenye inputi hujui bado mlango wa mbele unataka nini, unajikuta unarudi kufuta kila hatua, wakati ukianzia mwisho kila geti tayari limeshaambiwa na geti la mbele yake kama waya unatakiwa uwe na kiputo au usiwe nacho.

Geti la mwisho ni OR, inapokea kitu kutoka kwenye AND ya D na inapokea E'. Nataka liwe NAND, na sura ya NAND inayofanana na OR ni ile yenye viputo viwili milangoni, kwa hiyo naweka viputo kwenye inputi zote mbili. Lakini siwezi kuongeza kiputo kwenye waya hivi hivi, maana nimegeuza maana ya saketi, lazima kila kiputo nilichoongeza nikiwekee mwenzake upande wa pili wa waya huo huo ili wabatilishane. Waya wa juu unatoka kwenye AND, naweka kiputo kwenye pua ya AND, na AND yenye kiputo puani tayari ni NAND, sikutafuta, imejileta. Waya wa chini una E', yaani upande wa nyuma tayari kuna NOT, ni kiputo hicho. Kiputo cha NOT na kiputo nilichoweka mlangoni vinatazamana kwenye waya mmoja, vinafutana, E inaingia bila kupitia geti lolote.

Narudi nyuma hatua moja, niko kwenye AND ambayo sasa ni NAND, milango yake haina viputo. Mlango mmoja ni D, imeingia yenyewe, safi. Mlango wa pili unatoka kwenye OR ya ndani, na mlango huu hautaki kiputo. OR ya ndani nikiigeuza kuwa NAND kwa sura yake ya pili, viputo vinakaa milangoni tu na pua inabaki safi, kwa hiyo pua safi inakutana na mlango safi, waya uko sawa. Halafu kwenye milango ya OR hiyo narudia kile kile: upande wa A·B kiputo kinaenda kwenye pua ya AND inakuwa NAND, upande wa C' kiputo kinakutana na NOT vinafutana, C inaingia yenyewe. Nimefika kwenye inputi, nimemaliza, mageti manne.

Kuna kanuni moja tu ya kukagua, na ni ya macho: pita kila waya, angalia ncha zake mbili. Kama kuna viputo pande zote mbili, au hakuna hata kimoja, waya huo uko sawa. Kama kuna kiputo upande mmoja tu ambacho hakikuwepo kwenye saketi ya mwanzo, hapo kuna NOT imekosekana na lazima uiweke.

Na hapa lazima nikuambie ukweli ambao mfano wako unauficha, maana aliyeutunga aliutunga vizuri mno. F yako imepangwa AND, OR, AND, OR kwa kupokezana, na vitu vinavyoingia moja kwa moja kwenye OR vyote tayari vimegeuzwa, C' na E'. Ndo maana kila kitu kimefutika. Badilisha kidogo, sema swali lingekuwa F = (A·B + C)·D + E, bila zile alama za kugeuza. Unafuata hatua zile zile, unafika kwenye mlango wa OR ya mwisho una kiputo, nyuma yake kuna E tupu, hakuna cha kukifuta. Hapo unalazimika kuweka NOT ya kweli, NAND moja yenye milango miwili iliyofungwa pamoja. Na kwenye C vivyo hivyo. Jumla inakuwa 6. Ukikutana na OR mbili zinazofuatana, au AND mbili zinazofuatana, napo katikati yao kutabaki kiputo kimoja bila mwenzake, utalipa NOT. Kwa hiyo usije ukadhani umekosea kwa sababu hujapata namba ndogo kama ile ya mwenzako, kuna saketi ambazo NOT zake ni za lazima kabisa kwa muundo ulionao.

Kosa ambalo ndo nimeliona mara nyingi kuliko yote, tena hata kwa watu wazoefu, ni waya unaogawanyika. Tuseme A·B haiendi kwenye OR peke yake, kuna tawi lingine linaitoa nje kama autputi ya pili, G = A·B. Ukiweka kiputo kwenye pua ya ile AND ili kuiridhisha OR, umekiweka kabla ya njia panda, kwa hiyo matawi yote mawili yamegeuzwa. Tawi la OR lina kiputo mlangoni cha kukifuta, tawi la G halina, na sasa G inatoa (A·B)'. Mbaya zaidi F inafanya kazi vizuri kabisa, kwa hiyo mtu anakagua F, anafurahi, anaondoka, G imepinduka na hajui. Ukiona njia panda simama, hesabu viputo kwa kila tawi peke yake tangu kwenye pua mpaka kwenye mlango. Dawa yake ni NOT moja kwenye tawi la G, ambayo ni geti la tano. Au kama G inawasha taa ndogo ya LED tu, unaweza kuifunga taa kati ya umeme na pini, pamoja na rezista yake, iwake pini ikiwa 0, hapo kiputo unakiacha kilivyo bila kuongeza geti. Chipu za 74LS zinaipenda zaidi njia hiyo ya pili hata hivyo, pini yake ikiwa 0 inaweza kumeza mkondo wa miliampea 8, lakini ikiwa 1 imehakikishiwa kutoa miliampea 0.4 tu.

Haya, tuje kwenye yunivaso. Mimi napenda kusema NAND inajitosheleza, kwa sababu ndo maana yake yenyewe: ukiwa na NAND peke yake, za kutosha, unaweza kutengeneza jedwali lolote la ukweli atakalokuandikia mtu, bila kuomba geti la aina nyingine. Siyo kwamba ni bora kuliko mengine, wala siyo kwamba kompyuta zote zimejengwa kwa NAND tupu, hizo ni tafsiri mbili za haraka haraka ninazozisikia sana.

Sababu yake inakuja kwa hatua mbili fupi. Ya kwanza, jedwali lolote linaweza kuandikwa kwa AND, OR na NOT: unachukua kila mstari wenye jibu 1, unauandikia AND ya inputi zake, zile zilizo 0 unazigeuza kwa NOT, halafu mistari yote unaikusanya kwa OR. Hata jedwali liwe la ajabu vipi njia hii inalimudu. Ya pili, NAND inatengeneza zote tatu: ukifunga milango yake pamoja ni NOT, ukiweka NOT mbele ya pua yake ni AND, ukiweka NOT kwenye milango yake ni OR, kwa sura ile ya pili tuliyoiona. Kwa hiyo chochote kinachoandikika kwa zile tatu kinaandikika kwa NAND. Mwanahisabati Henry Sheffer alichapisha mwaka 1913 kwamba aljebra nzima ya Boole inaweza kusimama juu ya operesheni moja tu ya aina hii, na Charles Sanders Peirce alikuwa ameshaliona jambo hilo karibu mwaka 1880 ila hakulichapisha.

Sasa kwa nini siyo AND na OR? Hapa kuna jaribio zuri unaweza kulifanya kwenye karatasi. Chora saketi yoyote, kubwa unavyotaka, yenye AND na OR tu, halafu weka 1 kwenye inputi zote. AND ya 1 na 1 ni 1. OR ya 1 na 1 ni 1. Basi geti la kwanza linatoa 1, la pili linapokea 1 tupu linatoa 1, na hivyo hivyo mpaka mwisho, hakuna mahali 0 itazaliwa, hata uweke mageti elfu moja. Lakini NOT ikipewa 1 lazima itoe 0. Kwa hiyo AND na OR pamoja, achilia mbali moja moja, haziwezi hata kutengeneza kitu kidogo kama NOT. Ni za kila siku, ni rahisi kuzielewa, ila haziwezi kugeuza. NAND ndani yake ina vyote viwili, kukusanya na kugeuza, na kile kiputo puani ndo kinacholeta tofauti yote.

NOR nayo inajitosheleza kwa sababu hiyo hiyo, ni OR yenye kiputo. Kompyuta ya kuongozea vyombo vya Apollo vilivyokwenda mwezini, mantiki yake ilijengwa kwa maelfu ya NOR za inputi 3, geti la aina moja. Sasa kama zote mbili zinaweza, mbona tunaisikia NAND zaidi? Kwenye teknolojia ya CMOS, NAND ya inputi mbili ni transista 4, na NOR pia ni 4, lakini NOR inaweka zile transista za aina ya P kwa kufuatana, na hizo ndo dhaifu kupitisha mkondo, kwa hiyo ili isiwe na uvivu inabidi uzitengeneze pana zaidi, zinakula nafasi. NAND inazipanga sambamba, tatizo hilo halina. Na AND kwenye CMOS siyo geti la mwanzo kama unavyoweza kudhani, ni NAND iliyoongezewa NOT, transista 6, OR nayo 6 kwa mtindo huo huo. Piga hesabu ya F yako uone: ilivyochorwa mwanzo, AND mbili na OR mbili ni 24, NOT mbili ni 4, jumla 28. Zako 12 za NAND ni transista 48. Za mwenzako 4 ni transista 16. Yaani kubadilisha kuwa NAND bila kusukuma viputo umeifanya saketi kuwa nzito kuliko ya mwanzo, ukisukuma inakuwa nyepesi kuliko ya mwanzo. Na safari ya A mpaka kufika F, kwako inapita mageti 8, kwake 4, kwa hiyo ni nusu ya muda wa kusubiri.

Mipaka nayo uijue. Kusukuma viputo hakupunguzi saketi, kunatafsiri tu ile uliyonayo na kufuta NOT zilizokutana. Kama ulianza na fomula mbovu yenye vipande vya ziada, utapata NAND zenye vipande vya ziada, kwa hiyo rahisisha kwanza kwa aljebra au kwa ramani ya Karnaugh halafu ndo usukume. Na kuna mambo hakuyaoni kabisa. Chukua XOR, A·B' + A'·B: ukisukuma viputo unapata NAND 5, mbili zikiwa ni NOT za A na B. Lakini XOR inajengeka kwa 4:

```
M = NAND(A, B)
P = NAND(A, M)
Q = NAND(B, M)
X = NAND(P, Q)
```

Ujanja ni kwamba A ikikutana na (A·B)' inatoa A·B' tu, maana A na A' haziwezi kuwa 1 pamoja, kwa hiyo M moja inafanya kazi ya NOT zote mbili. Hiyo inatoka kwenye aljebra, hata ukisukuma siku nzima hutaifikia.

Kingine, ukihitaji NAND ya inputi tatu na una za mbili tu, usizifuatanishe hivi hivi. NAND(NAND(A, B), C) siyo (A·B·C)', ni A·B + C'. Unaikumbuka? Ni N2 yetu hiyo hiyo, moyo wa saketi yako. NAND kupitia NAND inazaa AND-OR, ndo uzuri wake, ila kwa (A·B·C)' lazima uweke NOT katikati, jumla mageti 3.

Ukitaka kuijenga, F nzima inaingia kwenye chipu moja ya 7400 ambayo ina NAND nne ndani, wakati kwa mchoro wa mwanzo ungehitaji chipu tatu, 7408 ya AND, 7432 ya OR na 7404 ya NOT. Umeme pini 14, ardhi pini 7. A na B kwenye 1 na 2. Pini 3 irudi kwenye 4, C kwenye 5. Pini 6 iende 9, D kwenye 10. Pini 8 iende 12, E kwenye 13, na F inatoka 11. Weka kapasita ya mikrofaradi 0.1 karibu na pini 14 na 7.

Kukagua, ukipita mistari yote 32 lazima upate 1 mara 21. Ila usitegemee hiyo hesabu peke yake: ukisahau kufuta kiputo cha C, ukaingiza C' badala ya C, bado utapata 1 mara 21, kwa sababu umebadilishana tu mistari. Mimi nakagua kwa kuipa kila inputi nafasi iongoze yenyewe. Weka A=0, D=1, E=1, hapo F lazima iwe kinyume cha C, ukibonyeza C kuwa 0 F inakuwa 1. Kisha B=1, C=1, D=1, E=1, F inamfuata A. Badilisha zamu, A=1 na wengine wabaki hivyo, F inamfuata B. Weka C=0, E=1, F inamfuata D. Weka D=0, F inakuwa kinyume cha E. Majaribio matano, na likifeli moja unajua uanze kukagua waya gani.

Kama unabonyeza swichi na F haitikisiki kabisa wakati ilitakiwa kufuata, mara nyingi ni waya haujagusa. Kwenye 74LS mlango usiofungwa popote unasomeka kama 1, kwa hiyo saketi inaonekana nzima kwa nusu ya majaribio. Kwenye 74HC mlango wa hivyo unayumba, unaweza kubadilika hata ukisogeza mkono karibu. Ukipima autputi ya 74HC kwa mita, umeme ukiwa volti 5, unatakiwa uone karibu na 0 au karibu na 5, ukikuta inaganda katikati kama volti 2 na nusu, angalia kama kuna pua mbili umeziunganisha pamoja kwa bahati mbaya. Na chipu ikianza kuwa ya moto, toa umeme hapo hapo, kisha angalia kama hukuiweka kinyume, ile alama ya nusu duara ndo inaonyesha upande wa pini 1. Ukiigeuza na bado inapata moto, usiendelee kubadilisha nyaya peke yako, ipeleke bodi kama ilivyo kwa fundi wa maabara au mwalimu wako aipime kwa mkono, mambo hayo hayaonekani kwenye picha ya mchoro.

Kuhusu maksi, mwulize mwalimu kama swali lilitaka NAND chache au lilitaka NAND tu. Kama lilitaka NAND tu, mwonyeshe hizo jozi nne ulizozikata, ya kwanza ikiwa ile ya waya wa A·B.